Malipo kumi na mawili benki, miezi kumi kwenye mfuko

Mwajiri akiulizwa kama michango ya pensheni imepelekwa, hatoi maelezo marefu, anatoa taarifa ya benki. Mfanyakazi naye akiulizwa analalamikia nini, anatoa taarifa ya michango aliyochapishiwa na mfuko, yenye miezi isiyo na kitu. Wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli, kwa sababu karatasi hizo mbili hazipimi kitu kimoja. Ya benki inaonyesha siku fedha ilipotoka na jumla yake kwa wafanyakazi wote. Ya mfuko inaonyesha mchango ni wa mwezi gani, kwa mtu mmoja tu. Ukizilaza mezani na kuzisoma mstari kwa mstari kama vile ni nakala ya kitu kimoja, ama utamtuhumu mtu bure, ama fedha ya watu itapita mbele ya macho yako bila kuiona.

Kazi yangu ni uhasibu, ila katika shauri ninalolieleza hapa nilikaa upande wa wafanyakazi, kama mwakilishi wao. Mwajiri simtaji. Alikuwa na watu 40, akawa amekubali tuione taarifa ya benki ya mwaka mzima pamoja na orodha za michango alizokuwa akizipeleka kwenye mfuko kila mwezi. Nitafuata taarifa ya mtu mmoja, mama anayefanya kazi stoo, kwa sababu ndani ya karatasi yake moja mlikuwa na karibu kila aina ya pengo ninayoijua. Sarafu naiacha. Hesabu ni ile ile kwa fedha ya nchi yoyote.

Mama huyu alilipwa 600,000 kwa mwezi kuanzia Januari hadi Juni, na 660,000 kuanzia Julai, baada ya mishahara ya wote kupandishwa kwa asilimia 10. Kwenye mfuko wao mfanyakazi anakatwa asilimia 10 na mwajiri anaongeza asilimia 10 kutoka mfukoni mwake. Viwango hutofautiana kati ya mfuko na mfuko, kwa hiyo anayetaka kufanya zoezi hili kwa karatasi zake aweke viwango vyake.

Kabla ya kugusa taarifa ya benki wala ya mfuko, tulianza na slipu za mshahara. Watu wengi huruka hatua hii, wakaishia kulinganisha karatasi mbili bila kujua ipi kati yake ina upungufu. Slipu ndiyo inayosema kilichotakiwa kupelekwa. Mstari wa makato ya pensheni ulionyesha 60,000 kila mwezi hadi Juni, na 66,000 kuanzia Julai. Zidisha mara mbili ili kuingiza sehemu ya mwajiri: 120,000 kwa kila mwezi wa nusu ya kwanza, 132,000 kwa kila mwezi wa nusu ya pili. Jumla ya mwaka ni 720,000 na 792,000, yaani 1,512,000. Hiyo ndiyo namba ya kushika mkononi.

Hapo hapo kuna jambo dogo la kuangalia. Ukigawa makato kwa kiwango, unapata mshahara uliotumika kukokotoa. Hapa 60,000 kwa asilimia 10 inarudisha 600,000, sawasawa na malipo yake yote. Kuna mifuko ambayo kanuni zake zinahesabu mshahara wa msingi peke yake na kuacha posho nje. Kwa hiyo mtu akiona msingi wa hesabu uko chini ya jumla ya mshahara wake, asome kanuni za mfuko wake kwanza kabla ya kupeleka lalamiko.

Taarifa ya mfuko tuliichapisha mwishoni mwa Januari ya mwaka uliofuata, kwa makusudi. Ukiichapisha Desemba 31, mchango wa Desemba hauwezi kuwamo, kwa sababu hulipwa Januari, na pengine ule wa Novemba nao bado haujaingizwa. Utapoteza muda kutafuta upungufu ambao ni kuchelewa kwa kawaida tu. Hata kwa kusubiri hivyo, taarifa ya mama yetu ilikuwa na mistari kumi. Machi haukuwepo, Oktoba haukuwepo. Mistari yote kumi ilikuwa na 120,000, jumla 1,200,000. Upungufu: 312,000.

Tukaenda kwa mkuu wa fedha. Alikuwa mtu mwungwana, na alijiamini. Akafungua taarifa ya benki, akanigeuzia.

"Ndugu mwakilishi, hesabu mwenyewe," akasema. "Januari hadi Desemba. Mfuko wa pensheni, mfuko wa pensheni, mfuko wa pensheni. Ni mara ngapi?"

Nikahesabu. Fedha ilikuwa imetoka mara kumi na mbili, kila mara 4,860,000.

"Basi ugomvi wenu uko na mfuko," akasema. "Si na sisi."

Na kweli, mtu akiishia hapo, hana la kujibu. Mwaka una miezi kumi na miwili, malipo ni kumi na mawili, habari imekwisha. Ila mchango wa mwezi hulipwa mwezi unaofuata, baada ya mishahara kutoka na orodha kuandaliwa. Malipo ya kwanza kwenye taarifa ile, ya Januari 12, yalikuwa ya mchango wa Desemba ya mwaka uliotangulia. Hayahusiani hata kidogo na mwaka tunaouzungumzia. Na mchango wa Desemba ya mwaka wetu ulilipwa Januari iliyofuata, kwenye taarifa ya benki ambayo haikuwa mezani.

Kwa hiyo unachukua kalamu, na pembeni ya kila malipo unaandika mwezi wa mchango. Huandiki kwa kukisia. Kila malipo yana namba ya malipo, ile inayotolewa na mfuko mwajiri anapowasilisha orodha ya mwezi, na orodha ina mwezi wake juu kabisa. Namba iliyo kwenye maelezo ya benki lazima ikutane na namba iliyo kwenye orodha. Pale ambapo maelezo ya benki yamekatwa au yameandikwa "uhamisho" tu, omba stakabadhi ya mfuko, kwa sababu nayo hubeba namba ile ile. Tulifanya hivyo mstari baada ya mstari: malipo ya Februari ni mchango wa Januari, ya Machi ni wa Februari, ya Aprili ni wa Machi, mpaka yale ya Desemba, ambayo ni mchango wa Novemba.

Sogeo hili la mwezi mmoja peke yake halipunguzi kitu. Unatoa malipo ya Januari mwanzoni, unaongeza ya Januari mwishoni, unabaki na kumi na mawili. Mkuu wa fedha alikuwa tayari ameshaileta taarifa ya benki ya Januari mpya, na malipo yalikuwemo. Bado kumi na mawili. Hapo wengi wetu mezani tulianza kuamini kwamba kweli tatizo liko kwenye mfuko.

Kilichobadilisha mambo ni safu ya upande wa pili. Taarifa ya benki ina safu ya fedha zilizotoka na safu ya fedha zilizoingia. Anayetafuta malipo ya pensheni husoma safu ya zilizotoka tu, maana huko ndiko malipo yanakokaa. Novemba ilikuwa hivi, kwa kuacha mistari mingine katikati:

Novemba 14, mfuko wa pensheni, imetoka 4,860,000.
Novemba 16, marejesho, imeingia 4,860,000.

Mstari wa pili haukutaja pensheni mahali popote. Uliandikwa marejesho, na namba ndefu. Namba hiyo ukiilinganisha na ya mstari wa Novemba 14, ni ile ile. Fedha ilitoka, ikakataliwa, ikarudi baada ya siku mbili. Namba ya malipo ilikuwa imepitwa na muda. Orodha iliwasilishwa mapema, malipo yakachelewa kusainiwa, na namba ilipofika benki ikawa haitumiki tena. Mwenye kutunza vitabu alikuwa ameshaandika kwenye leja kwamba Oktoba imelipwa, kwa kutumia nakala ya agizo la malipo. Marejesho yalipoingia yakawekwa kwenye mapato mengineyo. Fedha ikakaa kwenye akaunti ya matumizi, na kwenye akaunti ya matumizi fedha haikai: kufikia mwisho wa mwezi salio lilikuwa chini ya kiasi hicho.

Ndiyo maana sikubali agizo la malipo kuwa ushahidi wa malipo, wala kipande cha hundi, wala picha ya skrini ya benki ya mtandaoni iliyoandikwa kwamba muamala umewasilishwa. Hivyo vyote vinaonyesha nia. Hata mstari wa fedha kutoka benki nao haumalizi kazi mpaka uangalie siku kadhaa zilizofuata kama kuna kiasi kama hicho kilichorudi. Na kama unatumia jedwali la kompyuta, kutafuta neno "pensheni" hakutakuonyesha marejesho. Tafuta kiasi.

Basi malipo yaliyofika ni kumi na moja, kwa miezi kumi na moja: yote isipokuwa Oktoba. Pengo la Oktoba kwenye taarifa ya mama wa stoo limepata maelezo, na ni deni la mwajiri, tena kwa watu wote 40. Lakini taarifa yake ina miezi kumi. Machi uko wapi?

Malipo ya mchango wa Machi yalitoka Aprili 13, 4,860,000, hayakurudi. Stakabadhi ya mfuko ilikuwepo. Kipimo chepesi hapa ni kumwomba mwenzake mmoja au wawili wa ofisi ile ile watoe taarifa zao. Tulipofanya hivyo, wote walikuwa na Machi. Oktoba ndiyo hakuna aliyekuwa nayo. Hilo peke yake linakuonyesha pa kutafuta: mwezi ukikosekana kwa kila mtu, tatizo liko kwenye malipo au kwenye orodha nzima, ukikosekana kwa mtu mmoja, tatizo liko kwenye mstari wake ndani ya orodha. Kazi ya kuchunguza inapungua kutoka kurasa nyingi hadi mstari mmoja.

Tukafungua orodha ya Machi. Jina lake lilikuwemo, kiasi 120,000 kilikuwemo, na jumla ya chini ilikuwa 4,860,000 kama benki. Namba yake ya uanachama ndiyo iliyokuwa na kasoro. Tarakimu mbili za katikati zilikuwa zimebadilishana nafasi, 47 ikawa 74. Mwezi ule mtunza mishahara alikuwa likizo, na aliyeshika nafasi yake aliiandika orodha upya badala ya kutumia faili la kawaida. Aprili mwenyewe aliporudi, namba ikarudi sahihi, kwa hiyo kosa likabaki mwezi mmoja tu na hakuna aliyeliona.

Watu huuliza: kama jina lilikuwa sahihi, mfuko ulishindwaje kumjua? Mfumo unaogawa michango hausomi jina kama mtu anavyosoma. Unafuata namba. Majina yanafanana, yanaandikwa kwa mpangilio tofauti, ya ndoa yanaongezwa na kupunguzwa, kwa hiyo namba ndiyo inayoamua. Namba isipopata mwenyewe, au ikapata mtu ambaye jina lake halikaribiani, fedha inawekwa kwenye akaunti ya michango isiyo na mwenyewe mpaka mtu aje aidai. Mfuko umepokea, mwajiri amelipa, mfanyakazi hana. Hakuna aliyeiba.

Tena namba isiyo ya mtu yeyote ni bahati. Ikiangukia kwa mwanachama halisi na mfumo usilinganishe majina, fedha inaingia kwenye akaunti ya mtu mwingine, na kuitoa humo kuna barua nyingi zaidi. Anayeona mwezi una mchango maradufu kwenye taarifa yake asifurahie haraka.

Mpaka hapa tuna 120,000 za Machi na 132,000 za Oktoba. Jumla 252,000. Upungufu ulikuwa 312,000. Zimebaki 60,000, na hizi ndizo zilizoniuma zaidi, ingawa ndizo ndogo.

Rudi kwenye ile mistari kumi. Yote ilikuwa 120,000. Januari 120,000, sawa. Juni 120,000, sawa. Julai 120,000? Slipu ya Julai ilimkata 66,000. Kilichotakiwa kufika ni 132,000. Kila mwezi kuanzia Julai ulikuwa na upungufu wa 12,000, na miezi ya nusu ya pili iliyokuwemo kwenye taarifa ni mitano: Julai, Agosti, Septemba, Novemba, Desemba. Mara 12,000, ni 60,000. Hesabu imefunga.

Anayesoma taarifa yake kwa kutafuta miezi iliyo wazi hawezi kuliona hili. Mwezi umo, kiasi kimo, kinafanana na cha juu yake. Kufanana kwenyewe ndiko kunakopaswa kukushtua. Mishahara imepanda Julai, lakini benki inatoa 4,860,000 Julai kwa mchango wa Juni, na 4,860,000 Agosti kwa mchango wa Julai, bila kubadilika hata senti. Kwa mwajiri mwenye watu 40 hilo si la kawaida hata bila nyongeza ya mishahara. Mtu anaajiriwa, mtu anaondoka, mwingine anachukua likizo bila malipo. Jumla ya michango hupanda na kushuka. Ikikaa pale pale mwaka mzima, kuna mtu anayenakili orodha ya mwezi uliopita, anabadilisha jina la mwezi juu, anaituma.

Ndicho kilichokuwa kikifanyika. Mfumo wa mishahara ulipandisha makato wenyewe, maana unakokotoa asilimia. Orodha ya mfuko ilikuwa faili la pembeni ambalo halikuunganishwa na mfumo huo. Kwa watu wote 40, makato ya mfanyakazi kabla ya Julai yalikuwa 2,430,000 kwa mwezi, na mara mbili yake ni ile 4,860,000. Baada ya nyongeza makato yakawa 2,673,000, ambayo mara mbili yake ni 5,346,000. Tofauti ni 486,000 kila mwezi, kwa miezi mitano 2,430,000. Hesabu hii haihitaji kuona slipu ya mtu yeyote. Ripoti ya jumla ya mishahara ina mstari mmoja wa jumla ya makato ya pensheni. Uzidishe kwa uwiano wa mfuko, hapa mara mbili, uulinganishe na malipo ya benki ya mwezi wake. Visipolingana, tayari unajua, kabla ya kuanza kumtafuta aliyepungukiwa.

Kwa nini nasema ndogo hii iliniuma? Kwa sababu katika kila 12,000, nusu yake ni fedha iliyokwisha kutoka kwenye mshahara wa mama yule. Sehemu ya mwajiri ikichelewa, ni deni la mwajiri. Lakini 6,000 iliyokatwa kwenye slipu na isipelekwe ni fedha ya mfanyakazi iliyoshikwa na mtu mwingine. Ukiandika barua ya madai, zitenganishe. Usiandike "tunadai 60,000". Andika 30,000 zilizokatwa kwangu na hazikupelekwa, 30,000 sehemu ya mwajiri ambayo haikulipwa. Mkuu wa fedha alipoona mgawanyo huo kwenye karatasi, sauti yake ilibadilika. Hakuna aliyekuwa amemwita mwizi, ila alielewa mstari wa kwanza unasomekaje nje ya ofisi ile.

"Hii ya nyongeza," akasema, "tutaiweka kwenye malipo ya mwezi huu, yote kwa mpigo."

Nikamwomba asifanye hivyo, na hapa ndipo marekebisho mengi yanapoharibikia. Ukijumlisha malimbikizo ya miezi mitano ndani ya orodha ya Februari, mfuko utaona Februari ya mama wa stoo ni 192,000: mchango wake wa 132,000 na nyongeza ya 60,000. Julai hadi Desemba itabaki vile vile na upungufu wake. Kwa mfuko unaokokotoa pensheni kwa kuangalia mshahara wa kila mwezi, umempa Februari mshahara ambao hakuwahi kuupata na kumwachia miezi mitano ya mshahara pungufu. Mwakani mtu mwingine akikaa na karatasi hizi, ataona fujo asiyoielewa.

Njia safi ni orodha ya nyongeza kwa kila mwezi unaohusika. Orodha ya Julai yenye tofauti peke yake, 12,000 kwa mama huyu na tofauti ya kila mmoja wa wenzake, jumla 486,000, yenye namba yake ya malipo. Kisha Agosti, na kuendelea. Oktoba ni orodha kamili ya 5,346,000, kwa viwango vipya, wala si ile ya zamani iliyokataliwa. Mtunza mishahara alinung'unika kuhusu kazi ya kuandaa orodha sita, na sikumlaumu. Ilibidi aziandae.

Machi ulikuwa na njia yake. Mwajiri hakupaswa kulipa tena, maana fedha iko kwenye mfuko tayari. Kilichotakiwa ni barua ya mwajiri ya kuomba marekebisho ya namba, ikiambatana na nakala ya orodha ya Machi, stakabadhi ya malipo, na nakala ya kadi ya uanachama yenye namba sahihi. Barua itoke kwa mwajiri, kwa sababu yeye ndiye aliyewasilisha orodha. Mfanyakazi akienda mwenyewe dirishani na kadi yake, atarudishwa. Nimeona watu wakihangaika kwa hilo tu.

Oktoba na zile tofauti za miezi mitano zilikuja na adhabu ya kuchelewa, ambayo mfuko uliikokotoa na kuiongeza juu ya deni. Adhabu hiyo ni ya mwajiri peke yake. Tulikagua slipu za miezi miwili iliyofuata kuhakikisha haijajificha kwenye makato ya mtu kwa jina jingine, na haikuwepo.

Kuna mambo ambayo ulinganisho huu hauwezi kukuambia. Taarifa ya benki haitakuonyesha kamwe 120,000 ya mtu mmoja, kwa sababu kwa benki mtu huyo hayupo. Kuna malipo moja ya jumla. Kinachounganisha jumla hiyo na mtu ni orodha, na mwajiri akikunyima orodha, benki na mfuko peke yake haviwezi kukuonyesha kosa la aina ya Machi. Utaona pengo tu. Wala huna haki ya kuona akaunti ya benki ya mwajiri kwa sababu tu wewe ni mfanyakazi wake. Sisi tulikubaliwa. Ukikataliwa, omba nakala za stakabadhi za mfuko zenye mwezi wa mchango, kisha uliza mfuko kama mwezi fulani umepokelewa kutoka kwa mwajiri wako. Ukipata jibu la ndiyo huku mwezi wako uko wazi, yaelekea fedha iko ndani ya mfuko na inakutafuta. Jibu likiwa hapana, unajua ni nani wa kumfuata.

Tulichapisha taarifa ya mama wa stoo upya baada ya mfuko kumaliza kuingiza marekebisho. Mistari ilikuwa mingi kuliko kumi na miwili, kwa kuwa kila mwezi kuanzia Julai hadi Desemba, ukiacha Oktoba, ulikuwa na mistari miwili: mmoja wa 120,000, mwingine wa 12,000. Jumla ikafika 1,512,000, ile ile ya slipu. Nikamwonyesha safu ya tarehe ya kuingizwa. Machi ulikuwa umeandikwa mwezi wa mchango Machi, ila tarehe ya kuingizwa ilikuwa ya mwaka uliofuata. Kwa kuwa mfuko wao hutoa gawio la mwaka kwa kuangalia siku ambazo fedha imekaa kwenye akaunti ya mwanachama, 120,000 zile zingekosa gawio la miezi yote zilipokaa kwenye akaunti ya michango isiyo na mwenyewe, ingawa mfuko ndio uliokuwa nazo tangu Aprili.

"Kwa hiyo bado wananidai?" akauliza.

Nikamwambia hapana, mama, wewe ndiye unayewadai, na safari hii si mwajiri. Barua ya pili aliiandika mwenyewe, kwenda mfuko, akiomba tarehe ya kuingizwa kwa Machi isomeke siku stakabadhi ilipotolewa. Akaambatisha stakabadhi ile ile.